Damu baada ya kukutana, na skani inasema kondo liko chini

*Shikamoo Bi Mkunga. Mimi ni mke wa nahodha, tunakaa Siyu. Nina mimba ya wiki 26, ya pili. Wa kwanza nilimzaa salama bila kisu. Skani ya wiki 20 iliandikwa kwamba kondo la nyuma liko chini, lakini hakuna aliyenieleza maana yake. Ijumaa bwanangu alirudi kutoka baharini, tukalala pamoja, na asubuhi nikaona damu nyepesi kwenye kitambaa, kama matone matatu. Haikuuma, na imekoma. Bwanangu ameshtuka, amehamia kulala darini, anasema amemgonga mtoto kichwa. Mavyaa naye anasema ilitakiwa tuache tangu mwezi wa tano, la sivyo mtoto atazaliwa amepakaa uchafu mweupe na wakunga watanicheka. Kliniki sijaenda, naona haya. Nitasema damu ilitoka nikifanya nini? Je, tumemdhuru mtoto? Na tuache mpaka lini?*

Marahaba, mwanangu. Wasomaji wajue kwamba barua hii haikungoja zamu yake. Nilipofika kwenye maneno "kondo liko chini" nilikupigia simu saa ileile, nikakuambia upande boti uende hospitali ya kaunti huko Amu. Ulikwenda, umerudi, na umeniruhusu nieleze hadharani kilichofuata, maana nyumba zenye swali kama lako ni nyingi.

Nianze na bwanako, kwa sababu hofu yake ndiyo nyepesi kuondoa. Mtoto hakugongwa wala hawezi kugongwa. Uke una mwisho wake, na mwisho huo ni mlango wa kizazi, ambao kwa mimba ya miezi sita ni nyama nene iliyofumba, urefu wake kama sentimita 3 au 4. Katikati yake pameziba ute mzito kama gundi. Nyuma ya mlango huo ndipo ilipo chupa ya maji, na mtoto anaelea ndani yake. Mume hafiki huko. Anachoweza kukigusa ni mlango tu, kwa upande wa nje.

Baada ya kukutana mama akifikia kilele, tumbo hukaza likawa gumu kama mpira, na mtoto huenda akatulia kidogo au akarukaruka. Wengi hufikiri uchungu umeanza. Mkazo huo wa kawaida haufuati mpangilio, na hulegea wenyewe ukipumzika. Unaohitaji kuangaliwa ni ule unaorudi kila baada ya dakika chache, ukizidi kusogeleana na kuuma, hata ukiwa umelala kwa ubavu na umekunywa maji.

Kwa hiyo kwa mjamzito ambaye mimba yake haina tatizo, kukutana na mumewe hakuleti mimba kuharibika wala mtoto kuzaliwa kabla ya siku zake, iwe mwezi wa tatu au wa nane. Mwezi wa tano hauna kizuizi chochote, ametunga nani sijui. Dini yenyewe, kwa sisi watu wa pwani tunaopenda kuisingizia, inamkataza mume kumwingilia mkewe katika hedhi na nifasi, mimba haimo.

Ila yako, mwanangu, si mimba isiyo na tatizo mpaka ithibitike hivyo, na neno moja katika skani ndilo linalobadilisha jibu lote.

Kondo la nyuma hushikilia popote mimba ilipojipandikiza. Kwa wengi hushika juu, au ubavuni mwa nyumba ya uzazi. Kwa wachache hushika chini, karibu na mlango. Ukingo wake ukiwa chini ya sentimita 2 kutoka kwenye mlango, tunasema kondo liko chini. Likiwa limeufunika mlango wenyewe, tunasema limetangulia, maana limekaa mbele ya mtoto kwenye njia yake ya kutokea. Karatasi yako ya wiki 20 inasema sentimita 1.2. Hilo ni la chini, halijafunika.

Tena usidhani kondo hutembea. Chukua baluni, lipulize kidogo, chora kwa piko nukta moja karibu na mdomo wake, kisha endelea kupuliza. Nukta itaonekana inakwenda mbali na mdomo. Haikusogea; ni baluni lililotanuka kati ya nukta na mdomo. Sehemu ya chini ya nyumba ya uzazi hufanya vivyo hivyo miezi ya mwisho. Ndiyo maana katika kila wanawake 10 wanaoambiwa katikati ya mimba kwamba kondo liko chini, kama 9 hukutwa limeshaondoka njiani siku za kujifungua zikikaribia. Kwa mimba zilizofikia umri wa kuzaa, kondo lililotangulia huonekana kama mara 1 katika 200.

Kule kutanuka ndiko pia kunakoleta hatari. Ukuta unavutika, kondo halivutiki kwa kasi hiyo, na ukingo wake unaweza kubanduka kidogo. Hapo mishipa ya mama iliyokuwa imefunikwa hubaki wazi, na damu hutoka. Damu hiyo kwa kawaida ni nyekundu mbichi na haina maumivu. Hilo la kutouma ndilo linalowadanganya wengi, na nyinyi pia liliwadanganya nyumbani. Tumezoea kudhani kisichouma si kibaya. Kwenye damu ya mimba sivyo: isiyouma ndiyo inayomfanya mkunga aulize kondo liko wapi.

Kukutana kunaingiaje hapa? Mlango wa kizazi ukiguswaguswa, na nyumba ya uzazi ikikaza kwenye kilele, ukingo uliokwisha legea unaweza kuachia. Si kila mwenye kondo la chini atatokwa damu akilala na mumewe, na wengine hutokwa damu wakiwa wamelala peke yao. Lakini ikitoka huko haina kipimo. Inaweza kuwa matone, inaweza kuwa beseni, na hakuna anayejua kabla. Daktari anapokataza hapo, anakataza kwa sababu hiyo.

Sasa kilichofanyika hospitali. Ulisema ulihofia watakufanyia nini, na wenzako wengi hawaendi kwa hofu hiyo hiyo.

Walikupima presha na mapigo ya moyo, wakasikiliza mapigo ya mtoto, wakauliza damu ilikuwa kiasi gani, rangi gani, na ilianza lini. Uliposema "baada ya kulala na bwanangu" yule muuguzi hata hakuinua kichwa, aliandika tu. Nilikuambia. Neno hilo kwetu ni kama kumwambia fundi wa injini kwamba boti ilizimika ulipokaza mafuta. Linamwonyesha pa kutazama.

Kisha ukawaonyesha ile karatasi ya skani kabla hujapanda kitandani. Hilo ndilo jambo nililokusisitizia kwenye simu kuliko yote, na ningependa kila mjamzito anayetokwa damu alishike: asikubali kuingizwa vidole mpaka ijulikane kondo liko wapi. Mkunga akipima njia kwa vidole, kidole kinaweza kupita mlangoni na kukwaruza kondo lililokaa hapo, na matone matatu yakawa mafuriko. Nilikuwa bado mwanafunzi nilipoona hivyo kwa macho yangu, mahali nisipopataja. Yule mama alipona, baada ya chupa nne za damu. Tangu siku hiyo naanza na swali la skani kabla sijavaa glavu.

Ulipofanyiwa skani walitumia kwanza kifaa cha tumboni, kisha wakakuomba ruhusa ya kutumia kile chembamba kinachoingizwa ukeni, nawe ukanipigia simu kuniuliza kama ni mtego. Si mtego. Kifaa kile huingizwa kidogo tu, hakifiki ndani ya mlango, na anayekishika anaona kwenye kioo kinakoelekea. Kinapima umbali wa kondo kwa usahihi kuliko cha tumboni, hasa kondo likiwa nyuma ya kichwa cha mtoto. Kipo salama hata kwa kondo lililotangulia.

Matokeo: ukingo umefika sentimita 1.5. Umbali umeongezeka kutoka 1.2, lakini haujavuka 2. Halafu daktari akaangalia mlango wa kizazi kwa kile kifaa cha kufungulia uke, taratibu, akaona kidonda chekundu laini upande mmoja wa mlango, kinachotoa damu kikiguswa na pamba. Si kidonda kwa maana ya ugonjwa. Ni ngozi laini ya ndani ya mlango iliyochomoza nje, jambo la kawaida kwa wajawazito, kwa kuwa homoni huufanya mlango uwe laini na damu nyingi hupita hapo. Huenda matone yale yalitoka hapo, na kondo halikuhusika.

"Huenda," ndivyo alivyosema, na nampenda daktari anayesema hivyo. Hakuna mtu aliyekuwepo kuona damu ikitoka wapi. Kwa hiyo kondo likiwa bado ndani ya sentimita 2, na damu imeshaonekana mara moja, ameliweka kwenye hesabu ya hatari: msikutane mpaka skani ya wiki 32. Mimi ningesema vivyo hivyo.

Walikupima pia wingi wa damu, ukakutwa na 10.4, kidogo chini ya 11 inayotakiwa, ndiyo maana ya vidonge vya madini ya chuma. Wakakagua kundi lako la damu, likawa na alama ya kujumlisha. Lingekuwa na alama ya kutoa ungehitaji sindano ya anti-D ndani ya saa 72 tangu damu ionekane, ili mwili wako usijenge kinga ya kuipiga damu ya mtoto. Hii ni sababu nyingine ya kutongoja tarehe ya kliniki. Mwenye kundi la kutoa akikaa nyumbani wiki nzima kwa haya, saa 72 zimepita.

"Msikutane" maana yake nini hasa? Wengi huambiwa hivyo mlangoni, wakaona haya kuuliza, kila mmoja akatafsiri apendavyo. Maana yake ni kwamba kisiingie kitu ukeni: si uume, si vidole, wala maji ya kujiosha ndani. Kuhusu wewe kufikia kilele kwa njia nyingine, ulimuuliza daktari kama nilivyokuomba, naye akasema kwa sasa uache pia, kwa ajili ya ule mkazo wa tumbo. Si madaktari wote husema hivyo, kwa hiyo kila mtu amuulize wake. Kukumbatiana, kukandwa mgongo na miguu, kulala kifuani pake, hayo hayamo katika katazo, na wewe kumstarehesha yeye kwa mkono wako halina mguso wowote na kondo. Kwa hiyo hana sababu ya kulala darini, mwanangu. Mwambie ashuke.

Na mavyaa tumpe jibu lake kwa adabu. Ule utando mweupe kama samli anaozaliwa nao mtoto si mbegu za mwanamume. Unatengenezwa na ngozi ya mtoto mwenyewe ndani ya tumbo, ili maji aliyokaa miezi yote yasimwharibu ngozi. Mbegu haziingii kwenye chupa, kwa hiyo haziwezi kumpaka mtu aliyemo ndani. Watoto wanaozaliwa mapema kidogo huwa nao mwingi, waliopitiliza siku huwa nao haba, na wazazi wao wawe walilala vyumba viwili miezi minne haibadilishi kitu. Siku hizi tunauacha ukauke juu ya ngozi, na kuogesha kunangoja saa 24, kwa sababu unamkinga na kumtia joto. Najua wapo wakunga wa zamani waliowacheka wazazi kwa utando huo. Walikosea, na baadhi yao ndio walionifunza kazi.

Skani ya wiki 32 inaweza kuja na majibu mawili. Kondo likiwa limevuka sentimita 2 na damu haijarudi, katazo linaondoka, mnaweza kurejea. Wakati huo tumbo litakuwa kubwa, na kulala chali huubana mshipa mkubwa unaorudisha damu moyoni, mwanamke akasikia kizunguzungu na jasho jembamba. Laleni kwa ubavu, yeye nyuma yako, au uwe juu wewe ili kina na mwendo viwe mikononi mwako. Ile ngozi laini ya mlango inaweza kutoa tone tena. Ukiliona, pumzikeni na utoe taarifa kliniki, hata kama safari hii kondo limeshaondoka njiani.

Likiwa bado liko chini, katazo linaendelea na skani inarudiwa karibu na wiki 36. Likikutwa limefunika mlango, utazaa kwa upasuaji, kwa kawaida kati ya wiki 36 na 37, kabla uchungu haujaufungua mlango. Hapo hakuna mjadala wa kujaribu kuzaa kwa njia ya kawaida, na bwanako asikubali kushauriwa vingine na mtu yeyote barazani.

Kwa wasomaji wengine ambao hawana habari ya kondo: zipo hali chache nyingine ambazo tutawaambia waache. Chupa ikishapasuka, hata kama maji yanachuruzika kidogo tu, kinga kati ya mtoto na vijidudu imeondoka. Mlango ukipimwa ukaonekana umefupika kabla ya wakati, au umeshonwa uzi kwa sababu mimba za nyuma zilitoka zenyewe, usiguswe. Dalili za uchungu wa mapema nazo ni hivyo hivyo, na aliyewahi kuzaa mtoto njiti amuulize daktari wake, kwa kuwa jibu hutegemea sababu ya mara ile.

Kisha kuna lile ambalo waume hawalipendi. Mume aliyekaa safarini, akarudi na maumivu ya kukojoa, usaha au vipele sehemu za siri, asimkaribie mkewe mpaka wote wawili wapimwe na watibiwe. Kaswende hupita kwenye kondo ikamfikia mtoto tumboni. Malengelenge ya sehemu za siri yakimwingia mama kwa mara ya kwanza miezi ya mwisho yanaweza kumuua mtoto siku za kuzaliwa. Penye shaka mnaweza kutumia kondomu hata kama mimba ipo tayari. Haikuwekwa kuzuia mimba peke yake. Na mume asipulize hewa ukeni kwa mzaha wowote. Hewa ikiingia kwenye mishipa ya damu ya mjamzito inaweza kumuua.

Nirudi Siyu. Kwako hatari kubwa kuliko nyingine ni bahari. Boti za kwenu hutegemea maji. Yakipwa, gati lenu halifikiki, na damu haingoji maji yajae. Kwa hiyo mpango uwe tayari kabla ya haja. Jueni saa za kujaa na kupwa kila siku, kama bwanako anavyozijua kwa ajili ya kazi yake, na mjue boti itawapakilia wapi maji yakiwa yametoka. Namba za manahodha wawili ziwe kwenye simu yako na ya mavyaa, kwa sababu bwanako mwenyewe huenda siku hiyo yuko baharini. Watafuteni ndugu wawili watakaoweza kutoa damu, na karatasi ya skani ikae ndani ya kijitabu cha kliniki, isikae kabatini.

Matone yakirudi, safiri siku hiyohiyo. Damu ikiloanisha pedi moja ndani ya saa, au ikitoka na mabonge, au ukisikia kizunguzungu, au mtoto ameacha kucheza, hapo ni kuamsha mtu, hata saa nane za usiku. Lala kwa ubavu wa kushoto ndani ya boti, ujifunike, usile kitu njiani kwa kuwa huenda ukapelekwa chumba cha upasuaji. Ukifika, kabla ya jina lako, sema: "Kondo langu liko chini, msinipime kwa vidole."

Na tarehe ya wiki 32 ikifika, usikubali kuandikiwa "chini" au "juu" peke yake. Omba waandike sentimita ngapi, kisha unitumie.